Eksirei ilisema mfupa safi, MRI ya siku tatu baadaye ikakuta usaha. Imekaaje hii?

Mjomba_Kijana · #1

Wakuu, salaam. Kuna jambo linatugombanisha ukoo mzima, nimeona nililete hapa kabla watu hawajashikana mashati.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 9. Jumatatu jioni alirudi anachechemea, usiku homa ikapanda. Alikuwa analalamikia sehemu moja tu, chini kidogo ya goti la kulia kwa upande wa ndani. Ukigusa kwa kidole kimoja hapo, analia. Jumatano akapigwa eksirei. Ripoti ikasema mfupa hauna tatizo. Kwa kuwa alikuwa amegongana na mwenzake mpirani Jumapili, wakasema ni msuli, akapewa dawa ya maumivu, nyumbani.

Jumamosi hakuweza kabisa kukanyaga, homa 39.4. Tukampeleka hospitali nyingine, akafanyiwa MRI mchana ule ule. Wakasema uboho wa mfupa wa muundi una maambukizi na kuna usaha umekusanyika kati ya mfupa na utando wake wa nje. Usiku akaingizwa chumba cha upasuaji, wakautoa. Sasa yuko wodini, anaendelea na sindano.

Baba mtoto anasema hospitali ya kwanza walisoma picha ya mtu mwingine. Dada anasema mashine yao mbovu. Mimi nauliza tu: inawezekana kweli eksirei ikawa safi wakati mfupa una usaha ndani?

Nyundo · #2

Mashine mbovu hiyo, usizunguke. Mfupa ndio kitu eksirei inakiona kuliko vyote. Ikishindwa mfupa itaona nini?

Fundi wa Picha · #3

Pole sana mkuu Mjomba_Kijana. Mimi ni mpiga eksirei, kazi hii naifanya kila siku, kwa hiyo nitamjibu Nyundo hapo hapo aliposimama.

Eksirei haioni mfupa, inaona kalsiamu iliyomo kwenye mfupa. Ugonjwa huu kwa watoto hauanzii kwenye sehemu ngumu. Unaanzia ndani, kwenye uboho. Uboho ni laini, usaha nao ni laini, na vyote viwili vimefunikwa na gamba gumu lenye kalsiamu. Kwenye picha ya eksirei huwezi kuvitofautisha hata uwe na mashine iliyotoka kiwandani jana. Ili jicho lione doa jeusi kwenye mfupa, eneo lile lazima liwe limepoteza kalsiamu yake asilimia 30 hadi 50. Siku ya tatu hakuna mfupa uliofika huko. Kwa kawaida mfupa wenyewe huanza kuonyesha mabadiliko siku ya 10 hadi 14 hivi, watoto wakiwahi kidogo kuliko watu wazima.

Kwa hiyo picha safi ya Jumatano haimaanishi picha ya mtu mwingine. Ningeshangaa kama ingeonyesha tundu.

Nyundo · #4

Asilimia 30 kweli? Yaani theluthi ya mfupa iondoke ndipo muone? Basi ni kama mchwa kwenye nguzo, nje inang'aa na ndani vumbi.

Daktari wa Zamu · #5

Nyundo, mchwa wako nimempenda, ila hapa anayekula si mdudu. Bakteria hawana meno ya kula kalsiamu. Wanachofanya ni kuwasha moto: usaha unaongezeka, presha ndani ya mfupa inapanda, damu inabanwa, na chembe za mwili wenyewe zenye kazi ya kubomoa mfupa zinaamshwa. Hizo ndizo zinazoyeyusha kalsiamu, na kazi yao ni ya siku nyingi. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na homa ya 39 na mfupa uliojaa usaha, lakini kalsiamu bado iko karibu yote mahali pake.

Sehemu ilipoanzia kwa mtoto wako, Mjomba_Kijana, nayo si bahati mbaya. Kwenye mifupa mirefu ya mtoto, karibu na mahali inapokulia, mishipa midogo ya damu inapinda kona kali na damu inapungua mwendo. Bakteria aliyekuwa anapita kwenye damu, mara nyingi stafilokoka, anapata nafasi ya kutulia hapo. Juu ya muundi na chini ya paja, kuzunguka goti, ndiko tunakowakuta mara nyingi.

Mpira wa Jumapili ndio umewapoteza wengi. Mtoto wa miaka 9 ambaye hajagongwa na kitu wiki nzima mnamjua?

Bi Chausiku · #6

Ahsanteni wanangu kwa maelezo. Mume wangu alikuwa na kisukari, kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Eksirei ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu wakasema mfupa umeoza, kidole kikakatwa. Kwa hiyo nakubaliana na Nyundo, hizi mashine zinacheza na maisha ya watu. Mtoto huyu naye alikuwa na kidonda?

Daktari wa Zamu · #7

Pole sana mama. Ya mzee ilipita njia nyingine. Kwake maambukizi yalitoka nje kuingia ndani: kidonda kwanza, kisha mfupa. Hapo daktari anaweza kuingiza kijiti safi cha chuma kwenye kidonda, na kikigonga mfupa anakuwa na shaka kubwa hata kabla ya picha. Mtoto huyu hana kidonda chochote, kila kitu kilifika kwa damu. Wanachofanana ni hicho tu cha eksirei kuchelewa.

Msomi Nusu · #8

Nimesoma sana habari hizi. Jibu ni rahisi: eksirei ipigwe marufuku kwa maambukizi ya mfupa, kila mtu aende MRI moja kwa moja. MRI inamwona bakteria mwenyewe, haikosei. Hospitali ya kwanza walipoteza muda tu.

Fundi wa Picha · #9

Msomi Nusu, MRI haimwoni bakteria hata mmoja. Inasoma hidrojeni, ambayo iko kwa wingi kwenye maji na mafuta. Uboho wa kawaida wa mfupa una mafuta, na kwenye picha zinazoitwa T1 mafuta yanang'aa. Yakiingia maji ya uvimbe na usaha, eneo lile linageuka jeusi kwenye T1, na kwenye STIR, ambako mafuta yanazimwa makusudi, linawaka jeupe. Badiliko hilo linaweza kuonekana ndani ya siku moja au mbili za ugonjwa, kwa sababu halisubiri kalsiamu iondoke. MRI inakuja mapema kwa sababu inauliza swali jingine kabisa.

Tatizo ni kwamba maji kwenye uboho yanaletwa na mambo mengi. Mtoto aliyegongwa vizuri kwenye mfupa, STIR yake itawaka. Mwanajeshi mwenye ufa wa mfupa uliochoshwa na mazoezi, itawaka. Uvimbe wa saratani, itawaka.

Mimi nimezoea kuiamini zaidi ikisema hakuna kitu. MRI iliyopigwa vizuri na uboho ukawa wa kawaida kabisa, maambukizi ya mfupa ule unaweza kuyaweka pembeni kwa kiasi kikubwa. Ikiwaka, ndipo mjadala unapoanza.

Nyundo · #10

Msomi Nusu leo kapata alama nusu kama jina lake 😂

Mama Pacha · #11

Hilo la #9 nimeliishi. Mwanangu mmoja ana selimundu. Alishikwa na maumivu ya paja pamoja na homa, eksirei safi, MRI ikawaka paja zima. Daktari mmoja akasema ni maambukizi, mwingine akasema ni mfupa umekosa damu kwa sababu ya selimundu yenyewe. Walibishana mbele yangu, kila mmoja akionyesha weupe ule ule kwenye skrini.

Wakampa dawa ya kung'arisha kupitia mshipa, wakapiga tena. Hakukuonekana mfuko wa usaha wa kuutoa. Wakachukua damu ya kuotesha bakteria maabara, wakaanza antibaiotiki inayofunika na bakteria wa salmonela, wakisema watoto wa selimundu wana tabia ya kuipata kwenye mifupa. Damu haikuotesha kitu. Akapona. Mpaka leo sijui alikuwa na kipi kati ya viwili, na kila nikiuliza napata jibu tofauti.

Daktari wa Zamu · #12

Dada Mama Pacha, na sisi wenyewe mara nyingine tunatoka wodini bila kujua. Kwa selimundu picha mbili hizo zinafanana vibaya sana.

Nirudi kwa Msomi Nusu kuhusu kufuta eksirei. Hapana. Mtoto anayechechemea mwenye homa, eksirei ni ya kwanza hata kama najua itakuwa safi. Naitafuta mivunjiko, kwanza. Pili, kuna saratani za mifupa ya watoto zinazokuja na maumivu na homa hivi hivi, na eksirei huwa inazishtukia. Tatu, naihifadhi, ili nikiipiga tena wiki ijayo niwe na ya kulinganisha.

Kosa la Jumatano, kwa ninavyosoma #1, halikuwa kupiga eksirei. Lilikuwa kuichukua picha safi kama jibu la mwisho. Mtoto mwenye homa, anayeonyesha kwa kidole sehemu moja ya mfupa karibu na goti, hataki kukanyaga: huyo anabaki na maambukizi ya mfupa hadi ithibitike vingine. Ningempima CRP siku ile ile, kipimo cha damu kinachoonyesha mwili una uvimbe au maambukizi, maana hiyo hupanda ndani ya saa chache na haingoji wiki. Ningechukua damu ya kuotesha kabla ya antibaiotiki. Kisha MRI, au nimlaze nimtazame. Chembe nyeupe za damu zisikudanganye pia, zinaweza kuwa za kawaida.

Mjomba_Kijana, CRP walipima?

Mjomba_Kijana · #13

Jumatano hapana. Jumamosi ilikuwa 96. Juzi 41.

Halafu kuna kitu nilikisahau. Jumanne, kabla ya eksirei, shangazi mmoja alimpa vidonge vya antibaiotiki vilivyobaki nyumbani. Damu iliyooteshwa Jumamosi haikutoa kitu, na usaha wenyewe mpaka sasa haujaotesha.

Msomi Nusu · #14

Basi hilo ndilo jibu! Antibaiotiki ya shangazi ndiyo iliyosafisha eksirei ya Jumatano.

Daktari wa Zamu · #15

Hapana mkuu. Kidonge cha Jumanne hakiwezi kurudisha kalsiamu ambayo ilikuwa haijaondoka. Eksirei ingekuwa safi tu. Lakini dozi nusunusu inaweza kuwazima bakteria kwenye chupa ya maabara na kupunguza homa kwa muda, na hilo linaweza kuwafanya wa Jumatano waone mtoto si mgonjwa sana. Homa Jumatano ilikuwaje?

Mjomba_Kijana · #16

37.8. Dada anasema alikuwa anacheza na simu kabisa.

Kalamu Kavu · #17

Nimekaa kimya nasoma. Nina swali kwa Fundi wa Picha. Tumekubaliana eksirei haioni ndani ya mfupa. Lakini MRI ilikuta usaha nje ya mfupa, chini ya utando. Huo nao eksirei haikuuona kwa nini? Au Jumatano ulikuwa haujatoka?

Fundi wa Picha · #18

Swali zuri kuliko yote humu. Utando wa mfupa kwa mtoto haujashikamana sana, usaha ukipenya gamba unauinua kwa urahisi. Ila utando wenyewe hauna kalsiamu, kwa hiyo ukiinuliwa eksirei bado haiuoni. Inaanza kuuona pale utando ulioinuliwa unapojenga mfupa mpya chini yake, ndipo unatokea mstari mwembamba mweupe sambamba na mfupa. Kwa mtoto ni kama siku 7 hadi 10 au zaidi. Ultrasaundi ingeweza kuuona usaha ule mapema zaidi, kwa sababu hapo ni maji yaliyo juu ya mfupa. Mahali pasipo na MRI, ultrasaundi inaokoa watoto, ingawa yaliyo ndani ya mfupa haiwezi kuyaona.

Lakini kuna jambo nataka niseme na najua Daktari atanipinga. Eksirei ya siku ya tatu si lazima iwe safi kabisa. Mfupa utakuwa safi, nyama za pembeni sivyo. Kati ya misuli kuna mistari myembamba ya mafuta inayoonekana kama kijivu cheusi. Uvimbe ukianzia karibu na mfupa, mistari ile ya ndani inasogezwa mbali na mfupa au inafifia, na hilo linaweza kutokea siku ya pili au ya tatu. Uvimbe wa ngozi tu unaanzia nje, huu unaanzia kwenye mfupa kuja nje. Mjomba, walipiga miguu yote miwili au mmoja?

Mjomba_Kijana · #19

Mmoja tu. Wa kulia.

Fundi wa Picha · #20

Hapo sasa. Bila mguu wa pili wa kulinganisha, mistari ile ni kazi ngumu.

Daktari wa Zamu · #21

Sikupingi kwamba ipo, Fundi. Napinga kwamba mtu wa zamu mwenye foleni ataiona. Nimeonyeshwa mistari hiyo mara nyingi baada ya MRI kutoka. Kabla ya MRI, mara chache.

Nyundo · #22

Wakubwa wakianza kuvutana sisi wengine tunachota elimu. Endeleeni.

Mjomba_Kijana · #23

Wakuu nimerudi. Jana Ijumaa, siku ya 12 tangu aanze kuumwa, wamepiga eksirei nyingine. Ripoti inasema kuna mstari mweupe pembeni mwa mfupa na eneo lenye weusi chini ya goti. Nyumbani ni kilio. Wanasema dawa haifanyi kazi, ugonjwa umeanza kula mfupa, ahamishwe hospitali. Ila mtoto mwenyewe hana homa tangu Jumatatu, anakula, na jana alikanyaga kidogo akishikiliwa. CRP imeshuka hadi 14.

Daktari wa Zamu · #24

Msimhamishe kwa sababu ya picha hiyo peke yake. Mnachokiona jana ni kazi ya wiki iliyopita. Kalsiamu iliyoanza kuondolewa siku zile za homa kali ndiyo sasa imefika kiwango cha kuonekana. Mstari mweupe ndio ule alioueleza Fundi kwenye #18, utando unajenga. Eksirei ilichelewa kuonyesha ugonjwa, na itachelewa vile vile kuonyesha kupona. Inaweza kuonekana mbaya zaidi kwa wiki kadhaa huku mtoto anaendelea vizuri.

Ninachoangalia ni homa, maumivu, kama anakanyaga, na CRP. 96, 41, 14, mwelekeo ndio ninaoutaka. Wanaweza kumbadilishia dawa za kunywa hivi karibuni, wao wanajua zaidi. Jumla ya dawa kwa mtoto anayeitikia vizuri huwa kama wiki 3 au 4, huyu aliyetolewa usaha wanaweza kumpeleka mbele zaidi. Msizikatishe kwa sababu amepona machoni.

Kitakachonitisha ni homa kurudi, CRP kugoma kushuka au kupanda tena, au goti lenyewe kuvimba. Hapo MRI irudiwe upesi, maana huenda kuna usaha mwingine umebaki.

Bi Chausiku · #25

Si bora MRI irudiwe sasa hivi ili mioyo itulie?

Fundi wa Picha · #26

Mama, ikirudiwa sasa mioyo haitatulia. Uboho utaendelea kuwaka kwenye STIR kwa wiki nyingi hata baada ya usaha kuisha. Kuna mtoto nilimpiga, anatembea vizuri, dawa kamaliza, na picha yake bado nyeupe. Wazazi walitoka wamenuna. Halafu kulala tuli ndani ya mtambo nusu saa au zaidi kwa mtoto mwenye maumivu si mchezo, wadogo kabisa mpaka walazwe kwa dawa.

Mama Pacha · #27

Kweli tupu. Wangu tulimwimbia mpaka sauti ikakauka.

Kalamu Kavu · #28

Nichokoze kidogo. Mtoto aligongwa Jumapili, na #9 inasema mgongano nao unawasha uboho. Usaha haujaotesha kitu. Tuna uhakika gani si damu iliyovilia baada ya kugongwa?

Daktari wa Zamu · #29

CRP ya 96 na homa ya 39.4 siku sita baada ya kugongwa si damu iliyovilia. Na daktari wa upasuaji aliona kilichotoka. Ila kwamba mgongano ulichangia bakteria kutulia pale, wapo wanaoamini hivyo na wapo wanaosema ni sadfa. Mimi niko katikati.

Fundi wa Picha · #30

Mimi naamini ulichangia.

Mjomba_Kijana · #31

Nimewasomea #24 nyumbani, ahsanteni. Kuhama kumeahirishwa. Baba mtoto bado anataka kesi, na leo amechukua CD ya eksirei ya Jumatano. Fundi, hiyo mistari ya mafuta tuitafute wapi?

Fundi wa Picha · #32

Fungua ile ya pembeni, si ya mbele. Chezea mwanga wa picha mpaka nyama zijitokeze, mfupa wenyewe usiujali. Kisha fuata nyuma ya mfupa, chini ya goti, uone kama kijivu kinakatika.

Daktari wa Zamu · #33

Na mkiona kinakatika, kumbukeni mnaitazama mkiwa mmeshasoma MRI. Aliyeisoma Jumatano hakuwa nayo. Kwa kesi ya baba mtoto ningeuliza kwa nini hawakumpima damu na kwa nini hawakumwambia mama arudi baada ya siku moja, kuliko kubishana juu ya kijivu.

Fundi wa Picha · #34

Kijivu nacho kinahesabika, Daktari. Mjomba, nitumie kwenye ujumbe wa faragha, futa jina la mtoto kwanza. Nitaichanganya na picha nyingine tano za magoti mazima, nimpe mwenzangu asiyejua habari hii azisome zote.

Nyundo · #35

Akiikuta wewe umeshinda, asipoikuta Daktari kashinda. Nawasubiri hapa hapa.